Makundi yanayomchekesha kocha

*"Mwalimu, mimi niko Malindi. Vijana watatu tunarekodi ligi ya timu 12, kila timu imecheza mechi 22. Tunatazama video za simu na kuhesabu pasi, mashuti, magoli, krosi, chenga, kupokonya, kunasa pasi, kuondosha na vichwa. Nimegeuza kila kitu kiwe kwa dakika 90, nikaendesha k-means, algoriti ya kugawa watu kwenye makundi, na k = 6, yaani makundi sita, kwa sababu mchoro wa kiwiko, ule wa gharama kwa kila k, ulipinda hapo. Kundi moja limetoka na mtu mmoja peke yake. Jingine lina watu 31, humo mna makipa, mawinga na mabeki wa kati. Jingine tena karibu wote ni timu moja. Nilimwonyesha kocha mmoja, akacheka mpaka akakaa chini. Niongeze k, au nihamie algoriti nyingine? Jedwali nimelituma."*

Usiongeze k, na algoriti iache ilivyo. Jedwali lako nimelifungua jana baada ya isha, na k-means imefanya hasa ile kazi uliyoituma. Imegawa watu kwa tofauti kubwa kuliko zote iliyoziona. Bahati mbaya, tofauti hizo hazikuwa za uchezaji. Zilikuwa za dakika, za timu, na moja ilikuwa ya nyie wenyewe mnaorekodi.

Anza na yule wa peke yake. Ni winga wa akiba aliyecheza dakika 22 msimu mzima, na katika dakika hizo alipiga mashuti mawili. Ukizidisha 2 kwa 90 na kugawa kwa 22 unapata mashuti 8.2 kwa dakika 90. Sasa mtazame mshambuliaji anayeongoza ligi yenu kwa mashuti: ana mashuti 41 katika dakika 1,710, yaani 2.2. Jedwali linasema kijana wa akiba anapiga karibu mara nne ya mshambuliaji hatari kuliko wote pwani hiyo. Kocha ana haki ya kukaa chini.

Ili uone kwa nini k-means ilimpa kundi lake mwenyewe, kumbuka inavyofanya kazi. Inaweka vitovu sita, kila mchezaji anakwenda kwenye kitovu kilicho karibu naye, kitovu kinasogea hadi wastani wa watu wake, kisha watu wanahesabiwa upya, na mzunguko unaendelea hadi asiwepo anayehama. Gharama inayojaribu kuipunguza ni umbali wa kila mtu na kitovu chake, tena umbali huo umezidishwa kwa wenyewe. Hapo pa kuzidisha ndipo penye shida. Katika jedwali lako wastani wa mashuti ni 1.0 na mtawanyiko wa kawaida, ule unaoitwa mkengeuko sanifu, ni 0.8. Kijana wa 8.2 yuko mikengeuko 9 kutoka wastani, na 9 mara 9 ni 81. Mchezaji wa kawaida, ukimjumlisha safu zote tisa, gharama yake kutoka wastani ni kama 9 hivi. Kwa hiyo mtoto mmoja wa dakika 22, kwa safu moja tu, anagharimu sawa na wachezaji tisa. Algoriti ikimpa kitovu chake peke yake inaokoa gharama yote hiyo mara moja, na wewe umepoteza kundi moja kati ya sita.

Wale 31 ni ugonjwa huohuo, ila umetokea upande wa pili. Mtu akicheza dakika 15 au 30, mara nyingi hapigi shuti, hapigi krosi, hanasi pasi. Safu zake zinajaa sifuri. Winga wa sifuri na beki wa sifuri wanafanana kama pacha. Kisha wamejiunga na makipa, ambao hata wakicheza dakika zote hawapigi krosi wala chenga. Hilo si kundi la aina ya wachezaji. Ni benchi pamoja na milingoti.

Dawa ya kwanza ni nyepesi: makipa watoe kabla hujaanza, na weka kima cha chini cha dakika. Mechi 22 ni dakika 1,980. Kwenye ligi kubwa zenye mechi 38 watu wengi hutumia dakika 900, lakini kwako 900 ingekula watu wengi mno. Mimi ningeanzia 600. Sababu yake si uchawi wa namba hiyo. Tukio la kuhesabika, kama shuti, hubahatisha kwa kiasi cha karibu mzizi wa hesabu yake. Mwenye mashuti 9 ana bahati ya kama 3 juu au chini, ambayo ni theluthi nzima. Mwenye 36 ana bahati ya kama 6, ambayo ni sehemu moja ya sita. Chini ya dakika 600 wachezaji wenu wengi wana matukio manne au matano kwenye safu za nadra kama krosi, na hapo unapanga bahati, hupangi wachezaji.

Ukiwaonea huruma walio chini ya kima, kuna njia ya kuwavuta kuelekea wastani: unamwongezea kila mtu mechi tano za kubuni zenye wastani wa ligi. Kijana wetu wa mashuti mawili anakuwa na mashuti 7 katika dakika 472, na kiwango chake kinashuka kutoka 8.2 hadi 1.3. Mshambuliaji mwenye 41 anakuwa na 46 katika dakika 2,160, yaani 1.9, hajaumia sana. Inapendeza, na kwa kumpima mchezaji mmoja mmoja naitumia. Kwa kuunda makundi siipendi, kwa sababu wote wenye dakika chache wanasukumwa katikati na unazaa kundi jipya la "watu wa wastani" ambalo halipo uwanjani. Wengine hutumia wastani wa nafasi, beki avutwe kwa mabeki na winga kwa mawinga. Hapo ndipo pabaya zaidi, maana umeingiza majibu ndani ya swali, kisha utashangilia makundi yakirudisha nafasi zilezile. Unda makundi kwa wenye dakika 600 na zaidi. Wa akiba utawapeleka baadaye kwenye kitovu kilicho karibu nao, kwa onyo.

Neno dogo kuhusu dakika zenyewe. Kwenye jedwali lako kila mechi iliyokamilika ina dakika 90 kamili. Mechi inayoanza saa kumi na nusu kwa kuchelewa, refa akaimaliza mapema kwa sababu ya giza la magharibi, haina dakika 90. Andika dakika zilizochezwa kweli, kwa saa ya kwenye video.

Baada ya kuwatoa makipa na wenye dakika chache, kutoka 214 nilibaki na wachezaji 131. Nikaja kwenye safu, na hapa nataka tutulie kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea bila kujua.

Mizani umeisawazisha, na hapo ulifanya vyema; ona ingekuwaje bila hivyo. Beki wa kati wenu mmoja ana pasi 34 kwa dakika 90, na winga wa timu nyingine ana 33. Winga anapiga mashuti 2.4, beki 0.3. Kwa macho ya kocha hawa ni watu wawili tofauti kabisa. Kwa hesabu ghafi, tofauti ya mashuti ikizidishwa kwa yenyewe ni 4.4, na ya pasi ni 1, hivyo wako karibu sana. Lakini huyo beki na beki mwenzake wa pasi 24, anayefanya kazi ileile kwenye timu isiyomiliki mpira, wanatengana kwa 100. Pasi pekee ingetawala jedwali zima, kwa sababu tu namba zake ni kubwa. Ukitoa wastani wa kila safu na kugawa kwa mkengeuko wake, kila safu inapata sauti sawa.

```python
import numpy as np
import pandas as pd
from sklearn.preprocessing import StandardScaler
from sklearn.cluster import KMeans

d = df[(df.dakika >= 600) & (df.nafasi != "GK")]
X = StandardScaler().fit_transform(d[vipimo])
km = KMeans(n_clusters=5, n_init=50,
            random_state=7).fit(X)
```

Hiyo `n_init=50` usiisahau. k-means huanza kwa vitovu vya kubahatisha, na ikianza vibaya humalizia vibaya. Tangu toleo la 1.4 la scikit-learn, usipoandika kitu inajaribu mwanzo mmoja tu. Ndiyo maana uliniandikia kwamba jana na leo hazikutoa makundi yaleyale.

Ila sauti sawa kwa kila safu nayo ina mtego wake. Kila safu sasa ni kura. Ukiweka mashuti na magoli pamoja, upigaji wa goli umepiga kura mara mbili, kwani vitu hivyo viwili huenda sako kwa bako. Na magoli mimi ningeyatoa hata yangekuwa peke yake. Goli ni matokeo, jukumu ni kazi. Mshambuliaji butu na mshambuliaji mkali wanasimama palepale, wanafanya mbio zilezile, wanapiga mashuti mengi. Mmoja anafunga, mwingine anaomba msamaha. Kwa sababu hiyohiyo hesabu chenga zilizojaribiwa, usihesabu zilizofanikiwa tu, na krosi zote, si zile zilizomfikia mtu. Majaribio yanakuonyesha mtu anafanya kazi gani. Mafanikio yanakuonyesha anaijua kiasi gani, na hilo ni swali la siku nyingine.

Sasa lile kundi la timu moja. Kati ya watu 19 wa kundi hilo, 13 ni wa timu moja, nami nitaiita timu A. Nilipohesabu pasi za wapinzani wao nikaelewa: dhidi ya timu A, wapinzani hupiga pasi kama 320 kwa mechi, wakati wastani wa ligi ni 260. Timu A haina mpira, kwa hiyo kila mtu wao, hata namba kumi, anapokonya na kunasa kupita kawaida. Chukua beki wao mwenye kupokonya na kunasa 8 kwa dakika 90. Timu B, inayomiliki mpira, wapinzani wake hupata pasi 200 tu, na beki wake ana 5. Kwa pasi 100 za mpinzani, wote wawili wana 2.5. Kazi ni moja, bali mmoja amepewa nafasi nyingi zaidi za kuifanya. Zidisha 2.5 kwa 2.6, yaani kwa wastani wa ligi, na wote wanapata 6.5 kwa dakika 90, kana kwamba kila timu ilikutana na mpira kwa kiasi kimoja.

Vitendo vya kukaba vigawe kwa pasi za wapinzani, na mashuti, krosi na chenga vigawe kwa pasi za timu yake mwenyewe. Hili si suluhisho safi. Timu inayobutua mpira mrefu moja kwa moja ina pasi chache, hivyo mashuti yake yatavimba ukiyagawa hivyo. Kwa ligi yenu naona ni timu mbili tu zinazocheza namna hiyo, basi hasara ni ndogo kuliko faida. Kama zingekuwa sita ningekuambia uiache.

Nilipofanya hivyo, kundi la timu A likavunjika. Lakini likabaki jingine lililonitia shaka: viungo wanaopokonya kupita kiasi, kutoka timu mbalimbali. Kwa macho ni kundi zuri kabisa, ungeweza kuliita "wakabaji" na kocha angekubali. Mimi nilishaumwa na nyoka huyo. Miaka kadhaa nyuma huku Lamu nilirekodi mashindano pamoja na vijana wawili, nikapata kundi la wakabaji la kupendeza, nikalisifu mbele ya watu, na wiki mbili baadaye nikagundua wote walirekodiwa na kijana mmoja. Kwake, mpira ukimgusa mtu mguuni na kubadili mwelekeo, hiyo ni kupokonya. Wenzake walikuwa wakisubiri mpaka mtu aumiliki mpira. Nilikuwa nimepanga warekodi.

Kwa hiyo nilitazama safu yako ya jina la mrekodi, nikaiweka dhidi ya makundi:

```python
pd.crosstab(d.mrekodi, km.labels_)
pd.crosstab(d.timu, km.labels_)
```

Katika kundi la wakabaji mna watu 24. Kila mmoja wenu watatu amerekodi timu nne, kwa hiyo ungetarajia kama 8 kutoka kwa kila mmoja. Nimekuta 17, 4 na 3. Hapo siwezi kukusaidia kutoka Lamu. Kaeni watatu mahali pamoja na mechi moja, rekodini kila mtu peke yake nusu saa ya kwanza, kisha linganisheni tukio kwa tukio. Mtagombana kuhusu kupokonya, na nadhani kuhusu krosi pia, kwani mmoja wenu haandiki krosi ya chini. Muiteni na kocha aliyecheka, asikie mnavyobishana; yeye ndiye ajuaye kipi kinastahili kuitwa kupokonya. Mpaka mpate maana moja na mrekebishe mechi za yule wa 17, kundi hilo usilipe jina.

Twende kwenye k, maana najua bado iko kooni. Mchoro wa kiwiko hauaminiki sana kwa kazi hii. Gharama hushuka kila unapoongeza k, hata kama data haina makundi yoyote, na jicho linalotaka kiwiko litakiona. Kipimo cha `silhouette_score`, kinachouliza kama mtu yuko karibu na wenzake kuliko na kundi jirani, nacho kitakuambia k = 2 kwa karibu kila jedwali la wachezaji: wanaozuia huku, wanaoshambulia kule. Hakijakosea. Ndivyo mpira ulivyo, mpasuko mkubwa kuliko yote ndio huo. Lakini kocha hahitaji kompyuta kumwambia hivyo.

Ukweli ni kwamba wachezaji hawana mipaka kati yao. Kati ya beki wa pembeni anayebaki nyuma na winga kamili kuna watu wa kila daraja. Kukata makundi hapo ni kama kukata halua kwenye sinia: vipande vinatoka kwa kisu, havikuwemo ndani ya halua. Vipande vinaweza kufaa sana kwa kugawia wageni, ila usiseme umevigundua. Swali la haki basi ni hili: je, ndani ya jedwali kuna umbo lolote ambalo kisu kimelifuata?

Jaribio ninaloliamini ni kuchanganya kila safu peke yake. Mashuti yanabaki na namba zilezile lakini yanagawiwa watu ovyo, krosi vivyo hivyo, na kadhalika. Unapata wachezaji ambao hawapo duniani: mtu wa krosi nyingi, kuondosha kwingi na pasi za kiungo.

```python
rng = np.random.default_rng(7)
Z = np.column_stack([rng.permutation(X[:, j])
                     for j in range(X.shape[1])])
```

Endesha k-means juu ya `Z` kwa k ileile, uchukue `silhouette_score`, urudie mara 20. Kwa jedwali lako lenye safu nane, k = 5 ilinipa 0.21 kwenye data ya kweli, na katika mara 20 za kuchanganya haikupita 0.12. Kuna umbo, ingawa si la kutengana wazi. Kwa k = 8 tofauti ilikuwa karibu imekwisha. Mimi ningekaa kati ya 4 na 6, nikaamua kwa jaribio linalofuata.

Gawa msimu mara mbili: mechi za namba witiri upande mmoja, za namba shufwa upande mwingine. Usigawe nusu ya kwanza na ya pili, kwa sababu makocha hubadilisha watu nafasi katikati ya msimu, na huku kwetu nusu moja inaweza kuchezwa kwenye upepo wa kusi unaoharibu kila krosi na nyingine kwenye shwari. Unda makundi kwa kila upande peke yake, kisha linganisha kwa `adjusted_rand_score`, ambayo hutoa 1 makundi yakiwa sawasawa na karibu na 0 yakiwa yamekutana kwa bahati tu. Kwako k = 5 ilitoa 0.58, k = 6 ikatoa 0.41. Nilichagua 5. Kumbuka kila upande una mechi 11 tu, kwa hiyo 0.58 si ya kudharau.

Namba hiyo moja inaficha kitu muhimu zaidi, nacho ni nani anayehama. Mabeki wa kati wenu hawahami kabisa. Wanaohama ni viungo, hasa kati ya wakabaji na wagawaji wa mpira, na hao ni walewale ambao umbali wao na kitovu cha pili unakaribia umbali wao na cha kwanza. Usiwape jina moja. Andika "yuko baina ya", kwa sababu ndivyo alivyo.

Kisha ndipo urudi kwa kocha, lakini si kwa majina uliyoyabuni. Ukimwambia "hili ni kundi la viungo wachezeshaji" ataanza kukusaidia kulitetea, binadamu ndivyo tulivyo. Mwandikie karatasi kumi. Kila karatasi ina majina matano: wanne wa kundi moja, wawe karibu na kitovu, na mgeni mmoja kutoka kundi jingine. Mwombe amtaje mgeni, usimwambie chochote zaidi. Kwa kubahatisha tu atapata karatasi mbili kati ya kumi. Akipata saba au nane, makundi yako yanaongea lugha yake. Akipata tatu, rudi kwenye safu zako. Chagua kocha anayezijua timu nyingi, la sivyo atakuwa anawatambua jirani zake tu, na changanya timu ndani ya kila karatasi ili asimkamate mgeni kwa jezi.

Karatasi anazokosea zihifadhi, kwa sababu mara nyingine kocha ndiye aliyekosea. Kwenye jedwali lako kuna namba tatu wa timu ya tano, beki wa kushoto kwa karatasi ya timu, ambaye ameangukia kundi la pembeni la krosi na chenga, karibu kabisa na kitovu chake. Krosi zake ni 4.1 kwa dakika 90, wastani wa kundi hilo ni 3.6. Kuondosha kwake ni chini ya wastani wa ligi. Nilitazama video mbili ulizozituma: winga aliye mbele yake anaingia katikati kila mara, na kijana huyu ndiye anayekimbia ukingoni mwote, huku beki wa kati akifunika nyuma yake. Na kwenye mechi witiri na shufwa anabaki palepale. Huyo si kosa la k-means. Ni winga aliyeandikwa namba tatu. Makundi yanayorudisha tu nafasi za kwenye karatasi ya timu hayajakufaa kitu, na yanayovunja nafasi zote yana kasoro. Unachotafuta ni watu wachache wa namna hii, ambao ukiwafuata kwenye video unakuta sababu.

Kinyume chake, kuna namba tisa aliyeangukia kwa wakabaji. Usimkimbilie. Amerekodiwa na yule wa 17.

Jambo moja nakuomba. Umegusia kwamba kamati ya timu moja inataka kuyatumia makundi haya kuchagua nani abaki na nani aachwe. Usiwape. Makundi haya yanasema mtu anafanya kazi ya namna gani, hayasemi anaifanya vizuri, na magoli tumeyatoa makusudi. Hayajui mtu aliyecheza na goti bovu, wala beki aliyepelekwa mbele mechi sita kwa sababu mwenzake alikuwa shuleni. Uamuzi wa kumwacha mchezaji ufanywe na mtu aliyekaa ukingoni mwa uwanja akamtazama, na kama kamati inang'ang'ania namba, kaeni nayo uso kwa uso pamoja na kocha, kila jina na video yake.

Fanyeni kwanza ule mkutano wa warekodi. Mkishaafikiana kuhusu kupokonya na krosi, rekebisheni mechi, endesha upya kwa k = 5, na unitumie majedwali mawili tu: makundi dhidi ya timu, na makundi dhidi ya mrekodi. Lile la pili likitoka karibu 8, 8 na 8, andaa zile karatasi kumi.